Picha za kahawa zimekuja, ila si kahawa ya huku kwetu. Naombeni jicho kwenye imeili ya mrejesho

BintiWaKihamba
Wakuu, habari za jioni. Nipo Moshi, kwenye kiwanda kidogo cha kukaanga kahawa. Tunabadilisha mfuko wetu wa gramu 250, na picha tumempa kijana mmoja wa Dar anayeandika prompti za akili mnemba kwa kujitegemea. Anatumia Midjourney. Tulikubaliana picha tatu, na awamu moja ya marekebisho imo ndani ya bei.

Maelekezo tuliyompa yalikuwa haya:

"Picha ya mbele: kihamba cha Kilimanjaro, mibuni chini ya migomba, mlima kwa mbali. Picha ya pili: mikono ikichuma kahawa mbivu. Picha ya tatu: mama mtu mzima akigeuza kahawa kwenye kichanja. Zote za kusimama, sentimita 10 kwa 18, theluthi ya juu iachwe wazi kwa ajili ya jina."

Picha za kwanza zimekuja na hazitufai. Bosi ameniachia mimi nimwandikie. Rasimu yangu ni hii:

"Habari kaka. Tumepokea picha, asante. Kwa kweli hazijatugusa. Hazina uhalisia, hazina Kilimanjaro tunayoijua, na zimekaa kitalii. Tunaomba uzifanye za asili zaidi na zenye mvuto. Na mlima umekosewa. Tunasubiri."

Naona kama haitoshi ila sijui nikaze wapi. Kijana ni mstaarabu na sitaki kumvunja moyo, lakini pia sitaki kuletewa yaleyale.

Mwanasheria_Mtaani
Pole sana dada. Mteja akikataa kazi namna hiyo usikubali kurudisha hela hata shilingi. Ulishaifanya, amekula muda wako. Mwambie alipe iliyobaki ndipo uguse kitu.

BintiWaKihamba
Kaka, mimi ndiye mteja. Yeye ndiye aliyetuma picha. Na suala la hela halijafika huko.

FundiWino
Dada, nimefanya kazi za matangazo miaka mingi, na sasa wateja wengi wanaagiza picha za namna hii. Rasimu yako ina adabu, ila kijana akiisoma hatajua ashike wapi. "Asili zaidi" ukiiandika kwenye Midjourney inaleta majani mengi na jua la machweo. "Mvuto" ndiyo kabisa, inaongeza urembo uleule mnaoukimbia.

Mwandikie unachokiona kwa macho, picha moja baada ya nyingine. Hapa kuna hiki, sisi tulitaka kile. Halafu kwa kila kosa useme kama lilikuwamo kwenye maelekezo au halikuwamo. Hilo la pili watu wengi hulikwepa, na ndilo linaloamua awamu ijayo ni haki yenu au ni kazi mpya. Hebu tueleze picha zenyewe, maana hatuzioni.

BintiWaKihamba
Sawa. Picha ya mbele: uwanda wa nyasi kavu, mgunga mmoja mkubwa, tembo wawili kwa mbali, mlima una theluji tele. Vichaka vya kijani vimepangwa kwa mistari, navyo nadhani ndiyo mibuni. Mgomba hakuna hata mmoja.

Picha ya pili: mikono inachuma, vizuri tu, lakini kikapuni mna punje za kahawia zinazong'aa, yaani kahawa iliyokwisha kukaangwa. Na kwenye tawi tunda jekundu linaning'inia kwa kikonyo kirefu.

Picha ya tatu: mama amesimama kwenye kichanja, ila juu ya kichanja mna zile zile punje nyeusi. Na zote tatu ni mraba.

Kipepeo_wa_Usiku
Rahisi sana hiyo. Mwambie kwenye prompti aandike "no elephants, no acacia, no roasted beans". Akili mnemba inafanya unachoiambia. Asipoiambia hapana, itaweka.

FundiWino
Kipepeo, nia yako ni sahihi ila njia yenyewe ina kasoro. Ukiandika "no elephants" katikati ya sentensi, neno linaloshika ni "elephants". Mashine hizi hazisomi kukanusha kama binadamu, na mara nyingi tembo wanazidi. Midjourney ina sehemu yake ya kuondoa vitu, unaandika `--no` mwishoni kisha orodha. Inasaidia, lakini si ufunguo wa kila mlango. Ukiondoa tembo na mgunga bila kusema kiwepo nini mahali pao, itatafuta kitu kingine cha mbugani, pundamilia au twiga, kwa sababu picha nzima bado inafikiri mbugani.

Na hili la mbinu lisiingie kwenye imeili ya dada. Mteja aseme kinachotakiwa kuonekana, mwandishi wa prompti atafute maneno. Ukianza kumwandikia prompti halafu ikashindikana, lawama inakuwa yako.

Kipepeo_wa_Usiku
Mbona mimi natumia Stable Diffusion na kuna kisanduku kabisa cha vitu usivyovitaka, na kinafanya kazi?

FundiWino
Ndiyo, kile kinafanya kazi, kwa sababu kimetengwa na prompti yenyewe. Ni jambo lilelile la `--no`. Nilichokataa ni kuliandika kanusho ndani ya sentensi.

Mzee_Shirimatunda
Nimepita tu, mimi ni mkulima na si mtu wa kompyuta, lakini hiyo picha ya mbele imenisumbua. Binti, mlima mnaoonyeshwa kwenye nyasi na tembo ni wa upande wa Amboseli, kule Kenya, kaskazini. Sisi wa kusini hatuuoni hivyo. Ukiwa Moshi mjini asubuhi kabla mawingu hayajapanda, Kibo iko kushoto kwako na Mawenzi kulia. Ukiwa Amboseli inageuka, Mawenzi inakuwa kushoto. Hebu angalia picha, Mawenzi iko wapi?

BintiWaKihamba
Mzee shikamoo. Nimeangalia tena. Kuna kilele kimoja tu cha duara. Mawenzi haipo kabisa.

Mzee_Shirimatunda
Marahaba. Basi huo ni mlima wa kufikirika.

Lakini nina swali jingine. Mmeomba kihamba, mibuni chini ya migomba, na mlima kwa mbali. Mimi nina kihamba tangu baba yangu. Ukisimama ndani mwake huoni mlima. Unaona majani ya migomba juu ya kichwa, juu yake miti mikubwa ya kivuli, na mwanga unaopenya vipande vipande. Ili uone mlima inabidi utoke, uende barabarani au kwenye uwanja wa shule, au ushuke chini kabisa kwenye tambarare. Hao waliotengeneza picha wangewezaje kuonyesha vyote viwili?

FundiWino
Mzee, umegusa kiini chenyewe. Ngoja nieleze ninavyoliona.

Prompti ikisema "kihamba, migomba, mlima kwa mbali", mashine ina vitu viwili visivyokaa pamoja. Migomba minene inaziba mlima. Mlima ukionekana wote, lazima mbele yake pawe wazi. Kati ya hivyo viwili mashine imechagua kile ilichokiona mara nyingi zaidi kwenye picha ilizofunzwa, na picha nyingi za Kilimanjaro duniani ni hizo za watalii, za nyasi, mgunga na tembo. Neno "kihamba" ama mashine hailijui, ama kijana alilitafsiri kuwa "coffee farm", na hapo ikaleta mistari ya mashamba makubwa kama ya Brazili. Tembo wamekuja kujaza uwazi huo.

Kwa hiyo dada, kwenye picha ya mbele usimtwishe kijana mzigo wote. Migomba kukosekana ni kosa lake, maana iliandikwa. Tembo na mgunga pia, kwa kuwa mtu makini angeziona kabla ya kutuma. Lakini upande wa mlima haukuandikwa popote. Na kuomba kihamba na mlima ndani ya picha moja, hilo limetoka kwenu. Mkimwambia tu "mlima umekosewa", atarekebisha mlima na migomba itapotea tena.

BintiWaKihamba
Nimeelewa. Hata ile theluthi ya juu wazi inagongana na majani ya migomba, sivyo? Majani ndiyo yanayojaa juu.

FundiWino
Ndivyo. Chagueni. Ama mbele iwe ndani ya kihamba, na juu pafunikwe na ukungu wa asubuhi ili jina lipate pa kukaa. Ama mbele iwe mlima kutoka tambarare ya kusini, anga liwe ndiyo uwazi, na kihamba kiende ubavuni mwa mfuko. Ningekuwa mimi ningechukua ya kwanza. Mlima umewekwa kwenye mifuko ya kila mtu.

MwenyeDuka_Kisauni
Salaam kutoka Mombasa. Mimi nilipata balaa kama hilo, ila langu lilikuwa la leso, yaani kanga. Nilitaka picha za wanawake wamevaa leso kwa ajili ya ukurasa wa duka. Zikaja nguo zenye maua maua tu kama vitenge, hazina pindo, na pale panapokaa maneno pana herufi zisizosomeka. Nikarudisha, zikaja herufi nyingine zisizosomeka. Mwisho mwandishi wangu alielezea leso kwa umbo: kitambaa cha mstatili, ukingo mpana pande zote nne, mchoro katikati, na kisanduku kitupu juu ya ukingo wa chini. Maneno akayaweka mchoraji baadaye kwa mkono. Sasa hizo picha zako, jina la kahawa mnataka liandikwe humo humo?

BintiWaKihamba
Hapana, jina litawekwa na mchapaji. Ndiyo maana tuliomba theluthi ya juu. Lakini hilo la kuelezea umbo badala ya kutaja jina nalichukua, maana "kichanja" nacho sidhani kama mashine inakijua.

FundiWino
Haikijui. Ni meza ya miti yenye wavu juu, usawa wa kiuno, kahawa imetandazwa safu nyembamba. Na hapo niseme la punje, kwa sababu kosa la picha ya pili na ya tatu ni moja. Nakisia aliandika "coffee beans". Kwenye mitandao maneno hayo karibu kila mara yanaambatana na punje zilizokaangwa, hivyo popote atakapoyaweka, kikapuni au kichanjani, zitatokea za kahawia. Kwenye imeili mweleze rangi na hali. Kikapuni ni matunda mekundu mazima. Kichanjani ni kahawa iliyokwisha kumenywa na kuoshwa, ikiwa bado na ganda lake jembamba, rangi ya krimu inayokaribia manjano hafifu.

Mzee_Shirimatunda
Na lile tunda la kikonyo kirefu. Kahawa haining'inii. Matunda yanabana kwenye tawi, kishada kwenye kila fundo panapotoka majani mawili. Mkulima akiona picha hiyo atajua mara moja kwamba hamjawahi kuingia shambani.

FundiWino
La mwisho kutoka kwangu ni umbo. Picha zote kuwa mraba maana yake hakugusa mpangilio kabisa, kwa sababu mraba ndiyo Midjourney inayotoa usipoiambia kitu. Sentimita 10 kwa 18 ni uwiano wa 5 kwa 9. Angalia pia ukubwa wa faili. Alikutumia pikseli ngapi?

BintiWaKihamba
1024 kwa 1024.

FundiWino
Basi hesabu iko wazi. Mkiikata iwe ya kusimama, urefu unabaki pikseli 1024 na upana kama 569. Ukiuchapa urefu huo kwa sentimita 18 unapata nukta 144 hivi kwa inchi. Wachapaji huomba 300, yaani kwa mfuko wenu pikseli 1181 kwa 2126. Itatoka na ukungu, hasa kwenye majani na usoni mwa mama. Hilo liandike kwa tarakimu, halina ubishi, lilikuwamo kwenye maelekezo kwa sentimita.

Mkitaka kujua kama ameelewa, mwombeni rasimu ndogo ya picha ya mbele peke yake kabla hajaendelea na nyingine. Prompti yake itakaribia hivi, ingawa ni yeye wa kuamua:

```
low coffee bushes under tall banana plants, dense shaded home garden, narrow earth path, morning mist filling the upper third, overcast light --ar 5:9 --style raw --stylize 50 --no acacia, elephants, crop rows
```

Ona jina Kilimanjaro halimo. Ukilitaja tu, mlima unarudi na nyasi zake.

Kipepeo_wa_Usiku
Sasa hapo si umeshamwandikia prompti? Ulisema mteja asiandike.

FundiWino
Nimewaandikia nyinyi hapa muone nasema nini. Kwenye imeili isiwemo.

Nyaki_wa_Machame
Samahani kuingia katikati. Kuna jambo hakuna aliyeligusa. Picha ya tatu ni ya mama ambaye hayupo duniani. Mfuko utaandikwa kahawa ya wakulima wetu, na mnunuzi ataamini huyo ni mmoja wao. Mama yangu anaanika kahawa kweli. Kwa nini asipigwe picha yeye akalipwa?

BintiWaKihamba
Dada, swali lako ni zito. Kwenye mfuko hatukupanga kuandika jina wala maneno ya mama yule. Lakini nakiri anayetazama ataunganisha mwenyewe. Nitalipeleka kwa bosi, siwezi kulijibu peke yangu hapa.

FundiWino
Mimi ningeonyesha mikono na kichanja tu, bila uso. Ila najua kuna wanaoona hata hiyo haitoshi.

Nyaki_wa_Machame
Haitoshi kwangu. Mikono nayo ni ya mtu.

BintiWaKihamba
Nimeandika upya. Semeni kama kuna pa kurekebisha kabla sijatuma kesho.

"Habari kaka, natumaini u mzima. Asante kwa kutuma kwa wakati. Mwanga kwenye picha ya pili na jinsi mikono ilivyokaa tumevipenda, tunaomba vibaki hivyo. Mengine nayaeleza moja moja, na kila mahali nimesema kama lilikuwa kwenye maelekezo.

Zote tatu: zimekuja mraba, pikseli 1024 kila upande. Maelekezo yalisema za kusimama, sentimita 10 kwa 18. Kwa mchapaji wetu faili la mwisho linahitaji pikseli 1181 kwa 2126 au zaidi. Theluthi ya juu haikuachwa wazi.

Picha ya mbele: tunaona uwanda wa nyasi, mgunga, tembo, na vichaka vilivyopangwa kwa mistari. Tuliomba mibuni chini ya migomba na migomba haipo. Kihamba ni shamba la nyumbani, lenye kivuli kizito, mimea imechanganyika, hakuna mistari, na njia ni ya miguu tu. Kuhusu mlima, maelekezo yetu yaliomba mlima na kihamba pamoja, na tumegundua haviwezi kukaa kwenye picha moja. Hilo ni badiliko letu: tunauondoa mlima. Mahali pa jina, juu, tunaomba ukungu wa asubuhi. Kama badiliko hili unalihesabu nje ya awamu iliyomo kwenye bei, tuambie kabla ya kuanza.

Picha ya pili: kikapuni mna punje zilizokaangwa. Maelekezo yalisema kahawa mbivu, yaani matunda mekundu mazima. Kwenye tawi matunda yakae yamebanana, kishada kwenye kila fundo, yasining'inie. Nakuambatishia picha mbili nilizopiga shambani kwa simu.

Picha ya tatu: tunaomba uisimamishe kwanza, kuna uamuzi wa ndani tunaufanya.

Tunaomba uanze na picha ya mbele peke yake, ututumie rasimu ndogo tuithibitishe, ndipo uendelee na ya pili. Ukiona jambo haliwezekani tuambie mapema, tutafute njia nyingine pamoja. Asante."

FundiWino
Hiyo nzuri. Kitu kimoja tu: "mwanga tumevipenda vibaki hivyo". Akiandika prompti upya mwanga hautabaki uleule, picha nzima huzaliwa upya. Mwombe arekebishe kikapu na tawi peke yake kwa zana ya kuhariri sehemu ya picha, au mkubali kwamba mwanga utakaribia tu. Na kwa kuwa mraba lazima urefushwe uwe wa kusimama, hata hiyo itahitaji kuongezwa juu na chini.

MwenyeDuka_Kisauni
Mimi ningemwomba na prompti alizotumia. Mwakani mkitaka picha ya nne mtaanzia wapi?

FundiWino
Hapo hatukubaliani. Prompti ndiyo kazi yake, na kama mkataba ulitaja picha tu basi alichouza ni picha.

MwenyeDuka_Kisauni
Lakini ukimlipa mchoraji wa nembo, anakupa na faili la kuhariri. Wangu alinipa, na sikuona akilalamika.

FundiWino
Wengine hutoa, wengine hawatoi. Ulizeni kabla ya kazi, siyo ndani ya imeili ya kulalamika.

BintiWaKihamba
Hilo la prompti naliacha kwa sasa, halikuwa kwenye makubaliano. La mwanga nimelirekebisha: nimeandika "ukaribie huu" badala ya "vibaki hivyo", na nimeomba kikapu na tawi vihaririwe peke yake kama inawezekana. Dada Nyaki, nimemsomea bosi maneno yako. Ameuliza mama yuko Machame sehemu gani, na kama siku za kuanika angekubali mtu aje na kamera. Nimekutumia ujumbe pembeni.

Nyaki_wa_Machame
Nimeuona. Nitamuuliza kwanza mwenyewe.